Jina la kampuni ya safari: namna ya kuchagua ambalo mgeni wa ng'ambo ataliandika, atalipata na atalikumbuka

Mgeni anayeishi Munich, Lyon au Chicago mara nyingi hukutana na jina la kampuni kabla hajaiona tovuti yake. Rafiki yake aliyerudi kutoka Ruaha humtajia jina hilo wakiwa mezani, au yeye mwenyewe huliona mara moja chini ya picha ya tembo, kisha siku kadhaa baadaye hukaa mbele ya kompyuta na kujaribu kuliandika kwa kumbukumbu. Wakati huo hakuna mtu wa kumsahihisha. Akikosea herufi mbili, injini ya utafutaji humpeleka kwa kampuni nyingine yenye jina linalokaribiana na alichoandika, na mwenye kampuni hatajua kamwe kwamba kulikuwa na mtu aliyekuwa akimtafuta.

Kwa sababu hiyo jina linapaswa kupimwa kabla ya kusajiliwa, na lipimwe kwa masikio na vidole vya watu wasiojua Kiswahili. Mwongozo huu unafuata upimaji huo hatua kwa hatua kwa kutumia mfano wa ndugu wawili wa Iringa, mmoja akiwa mwongoza wageni mzoefu na mwingine mhasibu, wanaotaka kuanzisha kampuni ya safari za kusini mwa Tanzania, yaani Ruaha, Mikumi na Nyerere. Ndugu hao ni wa kubuni, lakini majina wanayoyafikiria na vikwazo wanavyokutana navyo ni vya kweli.

Hatua ya kwanza: andika orodha ndefu kutokana na kazi yenyewe

Kaa na wenzako muandike majina kama 20 bila kuyachuja. Chukueni maneno kutoka mahali mnapofanyia kazi: wanyama, miti, mito, vilima, historia ya eneo, vifaa vya safari. Ndugu wetu wa Iringa waliandika Tandala, kwa sababu Ruaha inajulikana kwa tandala wakubwa na wadogo. Mkwawa, kwa heshima ya mtawala wa Wahehe. Isimila, eneo la zana za kale za mawe lililo karibu na mji wao. Chui, Duma, Mondo, Komba na Kakakuona, ambao ni wanyama anaowapenda yule mwongoza wageni. Na Pori, Dira na Mbuyu. Mhasibu aliongeza jina moja refu la Kiingereza, ambalo tutalijadili baadaye.

Msianze kwa kuuliza ni jina gani linapendeza. Jina linalowapendeza wenye lugha linaweza kuwa ndilo lisiloandikika kabisa kwa mgeni, na mkishalipenda mtalitetea hata ushahidi ukiwa dhidi yake.

Hatua ya pili: pitisha orodha kwenye chujio la herufi

Maandishi ya Kiswahili ni rahisi kwetu kwa sababu kila herufi ina sauti yake. Mgeni hana kanuni hiyo, kwani husoma herufi zetu kwa kanuni za lugha yake. Mwingereza akiona neno Chui hulisoma karibu na neno lao linalohusu kutafuna, Mfaransa hulisoma "shui", na Mwitaliano hulisoma "kui". Watu watatu waliosafiri pamoja wanaweza kumtajia rafiki yao jina hilo kwa namna tatu. Mjerumani husoma herufi j kama y yetu, w kama v, na z kama ts. Mpolandi, ambaye siku hizi huonekana sana Zanzibar, naye husoma w kama v na j kama y. Mfaransa na Mhispania hawatamki h mwanzoni mwa neno.

Miunganiko ya konsonanti mwanzoni mwa neno ndiyo inayoharibu zaidi. Mkwawa huanza na konsonanti tatu zinazofuatana, na masikio yaliyozoea Kiingereza hulazimika kuchomeka irabu mahali fulani ili yaweze kulishika. Ndipo utakapokuta "Makwawa", "Mukwawa" na "Kwawa". Mbuyu lina tatizo hilohilo, na vivyo hivyo maneno yanayoanza kwa nd, ng, nj na nz. Neno lenye ng' kama Ng'ambo ni gumu zaidi kwa sababu anwani ya tovuti haikubali ritifaa: hukubali herufi, tarakimu na kistari tu. Likiandikwa bila ritifaa, hata Mswahili atalisoma vibaya.

Irabu nazo zina mitego yake. Mwenye Kiingereza huiona e ya mwisho wa neno kama herufi isiyotamkwa, hivyo neno tohe, jina la swala wa majani marefu, litapoteza silabi nzima. Isimila linaonekana jepesi, lakini anayelisikia bila kuliona hajui aanze na I au E, wala hajui kama L ni moja au ni mbili. Hasara haiko kwenye uzuri wa neno. Iko pale ambapo kuna njia nyingi halali za kuliandika.

Maneno yanayosalimika kwa kawaida yana silabi mbili au tatu, kila silabi ikiishia na irabu, na yamejengwa kwa konsonanti kama b, d, f, l, m, n, p, r na t. Herufi k inakubalika, ingawa baadhi ya wasikilizaji wataandika c. Tandala linapita. Mondo, Pori, Komba, Duma na Dira yanapita pia. Kakakuona linaandikika, lakini ndugu wetu walilifuta hapohapo: silabi zake mbili za kwanza ni neno la kinyesi katika Kifaransa na Kihispania, na lugha nyingine za Ulaya zina neno linalofanana nalo. Kabla ya kwenda mbele, mwombe mtu anayeishi kwenye kila lugha ya soko lako alitazame jina kwa jicho hilo. Kamusi haitoshi, kwa sababu maneno ya mtaani hayamo yote.

Hatua ya tatu: angalia jina hilo tayari ni la nani katika utafutaji

Hapa ndipo majina mengi mazuri hufa, na ndipo wamiliki wengi hawafiki. Jina linaweza kuwa huru katika usajili wa Tanzania na bado likawa limezikwa chini ya kitu kikubwa ambacho dunia nzima inakitafuta. Duma ni mnyama mwepesi na neno fupi, lakini ni jina la baraza la chini la bunge la Urusi, na habari zake huandikwa kila siku kwa lugha zote. Mondo, paka wa porini mwenye masikio makubwa, ni neno la Kiitaliano lenye maana ya dunia. Pori ni mji wa magharibi mwa Finland. Komba lina tatizo baya kuliko hayo, kwa sababu Nosy Komba ni kisiwa cha Madagaska kinachotembelewa na watalii wanaokwenda kuona wanyama wa jamii ya lemuri. Mgeni anayetafuta safari kwa jina hilo hatajua kwamba ameingia nchi nyingine, kwa kuwa matokeo yote yatakuwa ya utalii na wanyama, kama alivyotarajia.

Mtego huo wa mwisho unastahili kukumbukwa. Jina likigongana na bunge au mji wa mbali, mgeni hutambua mara moja kwamba siyo alichotaka, akaongeza neno moja na kujaribu tena. Likigongana na biashara ya aina ileile, hatambui. Ndiyo sababu Tandala nalo liliachwa: kuna kambi ya wageni yenye jina hilo karibu na Ruaha, na Tandala ni mahali pia huko Makete mkoani Njombe. Msajili angeweza kulikubali likiongezwa maneno mengine, lakini mgeni aliyeambiwa "Tandala, Ruaha" angefika kwenye kambi ile, na jambo hilo lisingekuwa haki kwa yeyote kati yao.

Upimaji wenyewe ufanywe hivi. Fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari ili historia yako isikuonyeshe matokeo uliyozoea. Kisha tafuta jina kama mtu aliye nchi nyingine, kwa kuongeza lugha na nchi kwenye anwani ya Google. Kwa Ujerumani anwani itakuwa hivi:

```
https://www.google.com/search?q=tandala+safaris&hl=de&gl=de
```

Badilisha `de` ya mwisho iwe `us`, `fr`, `it` au `gb` kulingana na wageni unaowatarajia, na ile ya `hl` iwe lugha yao. Njia hii haikupi picha kamili ya anachokiona mtu aliye Berlin, kwa kuwa mahali ulipo pana athari yake, lakini huikaribia zaidi kuliko kutafuta kwa kawaida ukiwa Iringa.

Andika jina likiwa peke yake, kisha pamoja na neno "safari", kisha pamoja na "Tanzania". Tazama ukurasa wa kwanza wote, pamoja na picha na ramani. Tazama kwa makini mstari wa juu ambapo Google hueleza kwamba inakuonyesha matokeo ya neno jingine, au hukuuliza kama ulikusudia kuandika neno jingine. Mstari huo ukitokea, maana yake ni kwamba neno lako limo karibu sana na neno linaloandikwa na watu wengi, na mashine inadhani umekosea. Kampuni mpya haina uzito wa kuishinda dhana hiyo kwa muda mrefu. Rudia pia kwenye simu, kwa sababu kibodi ya simu ina marekebisho yake: neno Dira, kwa mfano, linaweza kukatwa na kibodi ya Kijerumani likawa "dir", ambalo ni neno lao la kawaida.

Hatua ya nne: unganisha neno lako na neno ambalo mgeni tayari analijua

Baada ya machujio hayo mawili ndugu wetu walibaki na Dira, ambalo nalo halikuwa salama likiwa peke yake. Ni neno fupi, limo katika vifupisho vingi, na kwa Kiebrania lina maana ya nyumba ya kuishi, hivyo mtu aliye Israel angeonyeshwa matangazo ya kupangisha. Maneno mafupi ya Kiswahili yaliyo rahisi kuandika karibu yote yana hali hii: wepesi unaomsaidia mgeni ndio uleule uliofanya lugha nyingine ziwe na neno kama hilo.

Suluhisho ninalolipendekeza ni kuweka maneno mawili: moja lako, fupi na lisilotarajiwa, na moja ambalo mgeni ameshaliandika maishani mwake. Sababu yake inatokana na jinsi injini ya utafutaji inavyosahihisha makosa. Husahihisha kuelekea kwenye maneno ambayo watu wengi wamekwisha kuyaandika. Neno jipya la kampuni yako halina msaada huo mwanzoni, hivyo ni lazima liwe jepesi kiasi cha kuandikwa sawa bila kusaidiwa. Neno la pili linalojulikana husahihishwa lenyewe, na kwa kuwa yamo mawili pamoja, matokeo ya bunge, mji au nyumba za kupanga hupotea.

Ndugu hao walichagua "baobab", kwa sababu Ruaha ni nchi ya mibuyu na neno hilo huandikwa vilevile kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiitaliano, Kihispania, Kiholanzi na Kipolandi. Likiwa peke yake limejaa hoteli na kampuni kila pembe ya Afrika. Likiwa pamoja na Dira, yaani Dira Baobab, linakuwa jina la silabi tano lenye picha moja inayoshikika: mbuyu unaoonyesha njia. Wapo watakaoandika "boabab", na Google huyajua makosa hayo kwa sababu neno lenyewe ni maarufu.

Neno "Safaris" liwekwe mwishoni kama maelezo, nje ya kiini cha jina. Lisitegemewe kubeba utambulisho, kwani maelfu wanalo, na mgeni hatakumbuka kama lilikuwa Safari au Safaris, wala kama Tours ilitangulia au ilifuata. Wala usifikirie kutumia neno Safari kama kiini cha jina, kwa sababu kivinjari cha Apple kimelitumia tangu mwaka 2003.

Sasa turudi kwenye lile jina refu la mhasibu: Serengeti Kilimanjaro Wildlife Adventures Tours and Safaris. Hoja yake ilikuwa kwamba maneno hayo ndiyo watu wanayoyatafuta, hivyo kampuni ingetokea juu. Hoja hiyo ilikuwa na nguvu zamani. Mwaka 2012 Google ilibadilisha upangaji wake ili anwani za tovuti zilizotengenezwa kwa maneno ya kutafutwa, zisizo na maudhui bora, zisipande kwa sababu ya jina tu. Leo mtu anayeandika maneno hayo huonyeshwa kampuni zenye kurasa nzuri na maoni ya wageni, vyovyote zinavyoitwa. Na aliyesikia jina hilo refu atakumbuka neno Serengeti, ambalo linalingana na kampuni zisizohesabika.

Jina la hifadhi lina hatari nyingine tena. Sehemu kubwa ya Pori la Akiba la Selous ilifanywa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na kampuni iliyojiita kwa jina la Selous tangu hapo hulazimika kuwaeleza wageni kwamba hifadhi wanayoisoma kwenye vitabu vya zamani na ile wanayoiona kwenye ramani mpya zinahusu eneo lilelile. Aidha, kampuni inayoitwa Serengeti itapata shida kumuuzia mtu safari ya Katavi. Maneno ya pande za dunia nayo yana utata: ndugu wetu walifikiria kuongeza neno South kwa sababu ya safari za kusini, wakaliacha, kwani mgeni wa mbali akiliona karibu na neno safari huifikiria Afrika Kusini kwanza.

Hatua ya tano: mpe mtu alisikie, usimwonyeshe

Majina mawili au matatu yaliyobaki yapelekwe kwa watu. Tafuta watu kama kumi walio nje, wanaozungumza angalau lugha tatu tofauti: wageni wa zamani uliowahi kuwahudumia, ndugu wanaoishi huko na majirani zao, watu uliokutana nao kwenye maonyesho ya utalii. Rekodi ujumbe wa sauti wa WhatsApp ukilitaja jina mara moja ndani ya sentensi ya kawaida, kwa mwendo wa kawaida. Mwombe kila mmoja aandike alichosikia kama ambavyo angekiandika kwenye Google. Usiliandike popote kwenye ujumbe, na usimuulize kama analipenda, kwa sababu swali hilo litakuletea adabu badala ya ushahidi.

Baada ya wiki moja muulize tena jina lilikuwa lipi. Watakaokumbuka neno moja tu kati ya mawili wana thamani kubwa: sasa tafuta neno hilo walilolikumbuka pamoja na neno "Tanzania", uone kama linakufikisha karibu na kampuni yako au linampeleka mgeni kwa mwingine.

Makosa yasomwe kwa umbo lake. Tuseme kati ya watu kumi, sita wameandika Dira sawasawa na wanne wameandika "Deera". Hilo ni kosa la aina moja, na linatibika: unanunua pia anwani yenye tahajia hiyo na kuielekeza kwenye tovuti yako halisi. Lakini kama wanne hao wangeandika vitu vinne tofauti, hakuna anwani ya kutosha kuyaziba matundu yote, na jina hilo linapaswa kuachwa hata kama wengi walipatia. Mimi huona kipimo hiki kuwa kizito kuliko vyote, na kampuni nyingi hukiruka kwa sababu wenye jina tayari wameshachapisha stika za magari.

Hatua ya sita: chukua anwani, kisha usajili, kwa mpangilio huu

Siku mnayoamua, angalieni mambo matatu kwa saa ileile kabla ya kulipia chochote: kama anwani ya `.com` iko wazi, kama jina halifanani na jingine kwenye mfumo wa BRELA wa usajili kwa mtandao, na kama akaunti za Instagram na Facebook zenye jina hilo hazijachukuliwa. Moja likikataa, rudini kwenye jina la pili la orodha. Msijaribu kuokoa jina kwa kuongeza kistari, tarakimu au neno "official", kwa sababu mgeni aliyelisikia hatayasikia hayo.

Nunueni `.com` kwanza, kwani ndiyo ambayo mgeni wa ng'ambo huiandika kwa mazoea, kisha `.co.tz` muielekeze kwenye ile ya kwanza. Gharama ya `.com` kwa kawaida huwa kati ya dola 10 na 20 kwa mwaka, kiasi kidogo kuliko ada ya mgeni mmoja kuingia hifadhini. Kwa mfano wetu anwani ingekuwa `dirabaobab.com`, bila neno safaris, na nyingine yenye neno hilo ikielekezwa hapo. Iandikeni yote kwa herufi ndogo bila nafasi na muitazame upya, kwa sababu maneno yakigusana huweza kuzaa neno jingine au kuacha herufi mbili zinazofanana zikifuatana, kama ambavyo "safarisserengeti" ingemfanya mtu adondoshe s moja.

Hakikisheni kwamba mmiliki aliyeandikwa kwenye usajili wa anwani ni kampuni au mmoja wa wamiliki wake, kwa barua pepe mnayoidhibiti ninyi. Fundi wa tovuti akiisajili kwa jina lake, siku mkikosana au akihama mji anwani hubaki naye, pamoja na barua pepe zote za wageni. Wekeni malipo ya kila mwaka yajilipe yenyewe, au mlipie miaka kadhaa kwa mkupuo.

Kwa Tanzania Bara jina la kampuni husajiliwa BRELA. Zanzibar ina wakala wake, BPRA. Msajili anaweza kulikataa jina lililo sawa au linalokaribiana mno na lililopo, au analoona halifai. Kusajiliwa kwa kampuni hakukupi peke yake haki ya alama ya biashara. Hiyo huombwa kando, na huduma za kupanga safari zimo katika daraja la 39. Kwa Bara ulinzi wake wa kwanza ni wa miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10.

Jambo linalosahauliwa hapa ni uhusiano wa jina na fedha. Jina lililosajiliwa ndilo litakaloonekana kwenye leseni ya biashara ya utalii, maarufu kama TALA, na ndilo litakalokuwa kwenye akaunti ya benki. Mgeni anayetuma maelfu ya dola kwenda nchi asiyoijua hulinganisha jina lililo juu ya tovuti na jina la akaunti aliyotumiwa. Yakitofautiana, wengi husita, na wengine hudhani wameibiwa. Kwa kadi ni vivyo hivyo: taarifa ya benki huonyesha herufi chache tu za jina, na mteja asiyelitambua huweza kupinga malipo miezi mitatu baada ya safari. Jina refu la mhasibu lingekatwa likabaki "Serengeti Kilimanjaro". Dira Baobab linaingia lote. Ikiwa kampuni ya zamani inataka jina jipya la mtandaoni bila kubadilisha la kampuni, isajili hilo jipya kama jina la biashara, kisha iiombe benki ieleze namna ya kulionyesha kwenye akaunti.

Hatua ya saba: liandike kwa namna moja kila mahali, kisha soma wageni wanavyoliandika

Amueni namna moja ya kuandika: Dira Baobab Safaris, maneno matatu, kila moja likianza kwa herufi kubwa. Iwe hivyo kwenye tovuti, kwenye Tripadvisor, SafariBookings, mitandao ya kijamii, ankara na milango ya magari. Mahali pengine pakiandikwa Dirabaobab Tours, injini za utafutaji huweza kudhani ni biashara mbili, na maoni ya wageni yakagawanyika. Kwenye wasifu wa biashara wa Google liwekwe jina halisi tu. Kanuni zao haziruhusu kuongeza maneno kama "best safari company Tanzania", na wasifu unaokiuka huweza kusimamishwa.

Waelekezeni waongoza wageni namna ya kulitaja siku ya mwisho ya safari: walitamke polepole, kisha wampe mgeni kadi yenye jina na anwani ya tovuti kwa herufi zinazosomeka, bila madoido ya mwandiko. Nembo yenye herufi zilizofanywa pembe za tandala huonekana nzuri kwenye shati, lakini anayejaribu kunakili jina kutoka kwenye picha hatajua kama ile ni a au ni o.

Tovuti ikishaanza kazi, iunganisheni na Google Search Console, huduma isiyolipiwa inayoonyesha maneno ambayo watu waliandika hadi tovuti ikaonekana kwao. Baada ya miezi mitatu au minne chujeni orodha hiyo muone maneno yanayokaribiana na jina lenu. Hapo ndipo tahajia za kweli za wageni zitaonekana, kwa nchi na kwa idadi. Tahajia inayojirudia mara nyingi na ambayo haiwafikishi kwenu kwa nafasi ya kwanza inastahili anwani yake ya kuelekeza, pamoja na sentensi moja kwenye ukurasa wa "Kuhusu sisi" inayoitaja kwamba wengine huandika hivyo. Rudieni ukaguzi huo kila mwaka kabla ya Juni, maana kuanzia mwezi huo msimu wa kiangazi hujaza magari na hakuna atakayepata muda wa kuketi na orodha.